Tangazo la kliniki ya mgongo kwa kabla, baada, daraja

"Wakuu, tangazo la kliniki ya fiziotherapia ya mgongo nalipangaje kwa kabla, baada, daraja?"

Mkuu, kabla ni shida aliyonayo mteja sasa, baada ni maisha yake shida ikiisha, daraja ni huduma yako inayomvusha. Kwenye kabla usiulize "unaumwa mgongo?", mwonyeshe asubuhi yake: "Kufunga kamba za viatu tu mpaka ushike ukuta." Baada iwe kamba zilezile: "Unainama, unafunga, unatoka zako kazini." Usiandike utapona kwa siku 7 maana huwezi jua, migongo haifanani. Daraja ndo wengi wanaharibu, wanajaza majina ya mashine wakati mtu anataka kujua akifika anafanywaje, so andika: "Siku ya kwanza fizio anaangalia unavyoinama na kutembea, anakupa mazoezi ya kufanya nyumbani. Tupigie upange siku." Na aliyeshikwa ganzi sehemu za siri au mkojo umegoma, tangazo limwambie awahi hospitali, aisee hiyo usiiache.