Marobota mangapi kwenye tela

"Jamani nabeba marobota ya majani ya mpunga kutoka Cheju kwa ajili ya ng'ombe, tela langu dogo, nipakie mangapi?"

Ndugu yangu, usianze na idadi, anza na kilo. Chukua marobota kama kumi, yale ya kati na ya chini ya rundo, yapime kwa mizani ya kuning'iniza halafu piga wastani. Robota dogo la mstatili likiwa kavu huwa kama kilo 15, lakini likinyeshewa au likifungwa bichi linafika 20 na zaidi, na kwa macho huoni tofauti.

Halafu soma kibati cha tela. Tuseme uzito wote unaoruhusiwa ni kilo 2000 na tela tupu ni 600, hapo mzigo wako ni 1400. Sakafu ya mita 4 kwa 2 inaingia marobota 16 kwa tabaka, matabaka matano ni 80. Yakiwa makavu ni kilo 1200, sawa kabisa, yakiwa na maji ni 1600 na umeshapita, kwa hiyo shusha hadi 70, na hapo ndo mwisho, mimi ningepunguza zaidi maana njia ya shamba ina mashimo na tela linaruka.

Tabaka la sita usiweke hata kama kilo zinaruhusu, mzigo unakuwa juu na kwenye kona tela linalala. Pishanisha matabaka kama matofali, funga kamba mbele na nyuma. Na yale mabichi usiyarundike bandani, yanapata joto ndani hadi yanawaka yenyewe.