Mahindi yenye mapengo: panda kwa mraba, si kwa mistari miwili mirefu

Hindi linapomenywa na kukutwa na punje zilizotawanyika huku na kule, nyingine nono kupita kiasi kwa kuwa zimepata nafasi ya kutanuka, lawama ya kwanza huangukia mbegu na ya pili mbolea. Kwa niliyoyaona katika eneo langu dogo na ya majirani, mara nyingi sababu ni nyingine: chavua haikufika kwenye nywele.

Kila unywele wa hindi umeungana na punje moja changa ndani ya maganda. Chavua hutoka kwenye mbelewele, ua dume lililo kileleni mwa mmea, na ni lazima chembe yake itue juu ya unywele huo ili punje ile itunge. Unywele usiopata chavua huacha pengo. Mhindi mmoja hujichavusha kwa kiasi kidogo sana, na sehemu kubwa ya chavua unayoihitaji hutoka kwa mimea jirani, ikipeperushwa na upepo. Tatizo ni kwamba chavua ya mahindi ni nzito, kwa hiyo nyingi huanguka mita chache tu kutoka ilikotoka. Ukiwa na mstari mmoja au miwili kando ya uzio, upepo unaovuma kwa kukatisha mistari hiyo huibeba chavua na kuimwaga mahali pasipo na mhindi wowote.

Chukua mfano wa jirani yangu aliyekuwa na mimea 48 katika mistari miwili ya mimea 24, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mimea. Mistari hiyo ilichukua urefu wa mita 7.2. Msimu uliofuata tulipanda idadi ileile, kwa nafasi zilezile, lakini katika mistari sita ya mimea minane, yaani eneo la mita 4.5 kwa 2.4. Ukubwa wa ardhi haukubadilika hata kidogo, ila sasa upepo uvume kutoka upande wowote, chavua ina mahali pa kutua. Mahindi ya katikati yalijaa vizuri. Yale ya pembeni, hasa upande upepo unakotokea, bado yalikuwa na mapengo machache, jambo ambalo halikwepeki kabisa. Mimi huhesabu mistari minne kuwa ndiyo ya chini inayofaa.

Mbegu zote za mraba mmoja zipandwe siku moja. Kuziba nafasi baada ya wiki mbili kunaridhisha macho tu, kwa sababu mmea huo utatoa nywele wakati mbelewele za wenzake zimeshamaliza kumwaga chavua. Anayetaka kuvuna kwa awamu agawe eneo katika miraba midogo, kila awamu na mraba wake, badala ya kuongeza mstari mmoja mmoja.

Kabla ya kubadilisha mpango, hakikisha kwamba kweli uchavushaji ndio tatizo. Siku kadhaa baada ya nywele kutoka, chuma hindi moja, chana maganda kwa kisu kutoka chini hadi juu bila kugusa nywele, yafungue taratibu, kisha likung'ute hindi. Nywele zilizokwisha kutungisha punje huachia na kudondoka, na zile zilizobaki zimeng'ang'ania zinakuonyesha mapengo yatakapokuwa. Nywele ndefu mno zinazoning'inia nje ya maganda ni dalili nyingine, kwani unywele huendelea kurefuka hadi upate chavua. Lakini ukikuta punje ndogo zilizosinyaa kwenye ncha pekee, hizo zilitunga kisha zikafa, kwa kawaida kwa ukosefu wa maji au nitrojeni, na mraba hautakusaidia kitu. Vilevile chunguza kama wadudu wamezikata nywele karibu kabisa na maganda.

Ikiwa mahindi yako tayari yamesimama katika mistari miwili na mbelewele zimefunguka, msaada wa mkono upo. Asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali, inamisha mbelewele ndani ya mfuko wa karatasi na uikung'ute. Vumbi la manjano litakalobaki humo ndilo chavua. Linyunyize palepale juu ya nywele mbichi za mimea mingine, kwa sababu kwenye joto chavua hufa baada ya saa chache. Rudia kwa siku nne au tano mfululizo: nywele za sehemu ya chini ya hindi hutoka kwanza na zile za ncha hutoka mwisho, hivyo aliyenyunyiza mara moja hupata hindi lililojaa upande mmoja tu.