Maji ya Pugu hayapigi hodi: maswali yenu kuhusu masika bonde la Msimbazi

Kwetu Kigogo hakukunyesha hata tone jioni ile, lakini saa tisa usiku maji yalikuwa mlangoni. Yalitoka wapi?

Yalitoka Pugu, kaka. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka Kinyerezi, unapita kati ya Tabata na Vingunguti, ndipo unafika kwenu na Jangwani kabla ya kumwaga baharini Selander. Mvua ikipiga huko juu mapema usiku, wewe umelala na nyota unaziona, maji yako yako njiani. Na siku hizi hayachelewi kama zamani, maana miteremko ile imejaa mabati na saruji ambavyo havinywi maji, na mchanga na taka vimeula kina cha mto.

Kwa hiyo king'ora chako cha kwanza ni mtu anayeishi juu. Tafuta ndugu au rafiki Kinyerezi au Gongo la Mboto, mkubaliane kwamba mvua ikishika huko anakupigia hata kama ni usiku wa manane. Ujumbe hautoshi, hauamshi mtu.

Jambo la pili ni bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa sana kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri. Mto ukifika Selander wakati huo unakuta mlango umezibwa, unarudi nyuma na kutapakaa. Mvua ya Pugu ikiangukia siku za bamvua, ihesabu mara mbili.

TMA wanatoa angalizo kila mara masika haya, mara inanyesha, mara jua kali. Nitajuaje hii ndiyo ya kuondoka?

Angalizo si ahadi ya mvua nyumbani kwako. Linatolewa kwa mkoa mzima au zaidi, na rangi yake inapima mambo mawili kwa pamoja: uwezekano wa tukio na ukubwa wa madhara. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wanaolalamika kwamba wanadanganywa mara nyingi wameishia kwenye njano.

Mimi ningezipangia kazi hivi. Njano: chaji simu, kagua begi, mpigie yule mtu wa juu. Chungwa: wazee na watoto wapande mlimani na nyaraka kabla giza halijaingia, wenye nguvu wabaki wakilinda kwa zamu. Nyekundu: hakuna anayelala bondeni, hata kama mbingu ni nyeupe.

Anayebaki ana kazi ya kuangalia. Chora mstari wa rangi kwenye nguzo au ukuta wa mtaro unaouona ukiwa kwako, chini kabisa ya kimo ambacho maji huanza kuingia uani. Maji yakigusa mstari, mnaondoka, hakuna mjadala. Kabla ya hapo choo nacho kitakuambia: shimo linapoanza kupanda, au maji ya bafuni yanaporudi badala ya kwenda, maana yake chini kumejaa. Mtoni, tazama rangi na mzigo. Maji yakigeuka matope ghafla na kuanza kubeba matawi na magodoro, wimbi lenyewe liko nyuma kidogo.

Orodha za begi la dharura zina vitu thelathini. Mimi nina chumba kimoja na watoto wawili, niweke nini hasa?

Begi moja la shule linatosha, mama. Anza na visivyonunulika tena: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kadi ya bima, mkataba wa pango au leseni ya makazi. Zifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, na uzipige picha umtumie ndugu anayekaa mbali na bonde. Kisha dawa za wiki nzima kwa anayetumia kila siku, iwe presha, kisukari au ARV. Hizi ndizo watu husahau, halafu wanahangaika na kliniki iliyofungwa.

Maji yanahitaji hesabu. Mtu mmoja anataka kama lita 3 kwa siku, kwa hiyo ninyi watatu ni lita 9, yaani kilo 9. Huwezi kuzibeba huku umeshika watoto. Beba lita 3 na vidonge vya klorini vya kutibia maji mtakayopata huko, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ongeza pakiti chache za ORS, kila moja ya lita moja ya maji safi, kwa sababu baada ya mafuriko kuhara hakukosekani. Jazia tochi, nguo moja moja, taulo za kike, na pesa taslimu za noti ndogo. Mtandao ukikatika, wakala hana msaada.

Begi litundikwe msumari wa juu karibu na mlango, si uvunguni. Viatu vya kufunika viwe hapohapo, maana kandambili hutoka mguuni kwenye tope, na ndani ya tope kuna chupa zilizovunjika na maji ya vyoo. Kinachoharibu mabegi mengi ni kuazimwa: betri za tochi zinaenda kwenye redio, cheti kinatolewa kwa uandikishaji wa shule hakirudi.

Shikamoo. Tuko Hananasif, watano, bibi anatembea kwa mkongojo. Tukimbilie wapi?

Marahaba. Mna mto upande wa mashariki na bonde la Mkwajuni upande mwingine, na barabara ya Kawawa pale Mkwajuni hufunikwa mapema. Kwa hiyo msivuke kitu. Njia yenu ni ya kupanda kuelekea barabara ya Kinondoni, kwa uchochoro usiofuata mtaro. Itembeeni mchana mvua haijaanza, na bibi akiwemo, kwa mwendo wake. Tuseme inawachukua dakika 15. Usiku wa mvua na tope hesabu 40. Basi bibi hangoji mstari wa rangi. Anaondoka kwenye tahadhari ya chungwa, na nyumba ya kumpokea muwe mmeshaiomba.

Gawaneni kazi kwa majina: nani amshike bibi, nani begi, nani mtoto mdogo. Chagueni mahali pamoja pa kukutania juu, mtu akiwa kazini Kariakoo asirudi bondeni kuwatafuta. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, na sentimita 30 tu huanza kuliinua gari dogo. Njia ikiwa imeshafungwa, pandeni juu ya jengo imara na mpige 114, Zimamoto na Uokoaji. Desemba 2011 wengi Dar es Salaam waliokolewa juu ya mapaa, lakini zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, kwa hiyo paa liwe la mwisho.

Umeme nizime saa ngapi?

Ukiwa mkavu. Zima swichi kubwa kabla ya kutoka, na kama maji yameshakufikia miguuni usiiguse kabisa, toka tu. Mkirudi isiwashwe hata kama LUKU ina yuniti, mpaka fundi akague soketi zilizolowa.