Wasifu wa mhasibu mwenye miaka kumi kazini: kurasa ngapi?

Swali: Mimi ni mhasibu, nina CPA(T) na miaka kumi kazini kwa waajiri watatu. Wasifu wangu umefika kurasa tano. Naomba kazi ya mhasibu mkuu katika kampuni binafsi. Niubakize kurasa ngapi, na nikate nini?

Jibu: Kurasa mbili. Ila usifute zile tano. Zihifadhi kama nakala kuu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huomba maelezo binafsi yanayojitosheleza pamoja na wadhamini watatu, na huko ufupi unaweza kukugharimu. Daima soma tangazo kwanza.

Kwa kampuni binafsi, anza na mambo yasiyohitaji kufikiriwa mara mbili: dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, matokeo ya kidato cha nne, mafunzo kwa vitendo ya chuoni na semina za siku moja. Wadhamini nao waondoe kama hawakuombwa. CPA(T) ipande juu kabisa, chini ya jina lako.

Kurasa nyingi, hata hivyo, huliwa na majukumu yanayojirudia. Mhasibu huandika "kuandaa hati za malipo" na "kusuluhisha hesabu za benki" kwa kila mwajiri, na msomaji haoni alipopanda. Kazi ya sasa ipe hoja tano au sita, ya pili tatu, ya kwanza mstari mmoja au miwili. Usuluhishi wa benki utajwe pale tu ulipokuwa mgumu kuliko kawaida.

Tuseme kazi ya sasa ina mstari huu: "Nahusika na uandaaji wa taarifa za fedha za kila mwezi." Hausemi ukubwa wa kazi wala matokeo yake. Uandike hivi: "Nafunga hesabu za mwezi za matawi manne kwa siku 5, awali zilichukua siku 12." Weka takwimu zako za kweli, zile unazoweza kuzieleza ukibanwa kwenye usaili. Mstari huo mmoja unatosha kufuta mitatu inayoorodhesha daftari, vocha na ripoti, kwa kuwa anayefunga hesabu za matawi manne amezipitia zote.

Kazi ya kwanza usiifute yote. Ukiiondoa, miaka ile inageuka pengo, na mwajiri ataliulizia. Bakiza cheo, jina la mwajiri na miaka.

Ukifika kurasa mbili na nusu, utatamani kushusha herufi hadi saizi 8 na kubana pambizo. Usifanye hivyo: ukurasa uliosongamana hurukwa. Baki na saizi 11 au 10.5, kisha rudi kwenye kazi ya pili ukate hoja ambayo tangazo halikuigusa. Tangazo likitaja ukaguzi na kodi, hoja ya ununuzi wa vifaa vya ofisi ndiyo ya kwanza kuondoka, hata kama uliifanya vizuri.