Maswali yenu: namba zinazovimba baada ya kuunganisha majedwali

Nimeunganisha jedwali la mauzo na la malengo kwa jina la bidhaa kwenye Power BI. Mauzo ya unga yametoka 60,000 yakawa 120,000. Programu ina hitilafu?

Haina. Swali hili naletewa mara kwa mara, na karibu kila mara anayeuliza hajahesabu mistari kabla na baada ya Merge Queries. Haya, tuhesabu. Kwenye Mauzo, unga una risiti 3: 10,000, 20,000 na 30,000. Kwenye Malengo una mistari 2: Januari 50,000, Februari 40,000. Ukiunganisha kwa jina la bidhaa peke yake, kila risiti inakutana na kila lengo, unapata mistari 6. Kila risiti imeandikwa mara mbili, ndiyo hiyo 120,000 yako. Malengo nayo yameandikwa mara tatu: yalikuwa 90,000, sasa ni 270,000. Hilo hukuligundua kwa kuwa ya mauzo ndiyo uliyokuwa nayo kichwani.

Na usifikirie kugawanya kwa mbili. Mauzo ya mchele wenye lengo la mwezi mmoja hayavimbi kabisa, ya sukari yenye malengo ya miezi mitano yanavimba mara tano. Nimeshaona bonasi za wauzaji zikipigwa hesabu kwa namba za namna hii, fedha zikatoka, kisha watu wakaambiwa warudishe. Inauma.

Majedwali haya mawili yaache yalivyo, usiyachanganye. Tengeneza la tatu, Bidhaa, ambamo kila bidhaa imo mara moja tu, na jingine la Kalenda. Malengo yape tarehe, siku ya kwanza ya mwezi inatosha. Kisha Mauzo na Malengo yote yafungwe kwenye hayo mawili kwa uhusiano wa mmoja kwa wengi. Kwenye chati, jina la bidhaa lichukue kutoka Bidhaa. Ukilichukua kutoka Mauzo, kichujio hakitafika Malengo na utaniandikia tena.

Baada ya kuunganisha nilibonyeza Remove Duplicates, namba zikashuka. Si nimemaliza?

Hapana. Wateja wawili wakinunua kilo 2 za unga siku moja kwa bei moja, na risiti haina namba yake, umemfuta mmoja wao.

Nina Bidhaa na Kalenda kama unavyosisitiza. Mbona nikiweka matawi kwenye mistari, lengo la 90,000 linajirudia kila tawi?

Kwa sababu Malengo yako hayana safu ya tawi. Ukichuja kwa tawi, kichujio kinapita kwenye Mauzo na kuishia hapo. Malengo hayaguswi, kwa hiyo kila tawi linaonyeshwa lengo zima. Utaijua hali hii kirahisi: namba moja inashuka ileile tangu mstari wa kwanza hadi wa jumla. Kwenye modeli hakuna cha kurekebisha. Waombe waliopanga malengo wayagawe kwa tawi, au ulifiche lengo kwenye ngazi hiyo kwa `ISINSCOPE`. Kuligawa mwenyewe sawa kwa sawa ni kumpa meneja wa tawi lengo ambalo hakuna aliyemwekea.

Mteja ana akaunti kadhaa, na akaunti nyingine zina wenye wawili. Hapo uhusiano ni wa wengi kwa wengi kweli. Nifanyeje?

Swali zuri, na hapa huwezi kukwepa. Weka jedwali la daraja lenye safu mbili tu, mteja na akaunti, kila mwenye akaunti na mstari wake. Wateja wanaingia Daraja kwa mmoja kwa wengi, Akaunti vilevile. Salio libaki Akaunti, usilinakili kwenye Daraja. Kisha kipimo:

```
Salio la Wateja =
CALCULATE (
    SUM ( Akaunti[Salio] ),
    CROSSFILTER ( Daraja[AkauntiID], Akaunti[AkauntiID], BOTH )
)
```

Sasa tuseme mume na mke wana akaunti ya pamoja yenye 400,000, na mke ana yake yenye 100,000. Ripoti itaonyesha mume 400,000, mke 500,000, na jumla 500,000. Mkaguzi atajumlisha kwa kikokotoo apate 900,000 na kusema ripoti ni mbovu. Ripoti iko sahihi: 400,000 ni ya wote wawili, lakini kule benki fedha hizo zipo mara moja tu. Andika maelezo hayo chini ya jedwali kabla hujaitwa kikaoni. Wakitaka mistari ijumlike, lazima waamue kila mwenye akaunti ana asilimia ngapi, na hiyo iingie Daraja kama safu ya tatu.

Basi niweke Both kwenye kila uhusiano?

Usithubutu. Iwashe ndani ya kipimo kinachoihitaji, kama hapo juu. Ukiiwasha kila mahali, vichujio vinapata njia zaidi ya moja ya kufika jedwali lilelile, na utashindwa kueleza namba imetokea wapi.