Chupa ya asidi ya 37%: kutoka kwenye lebo hadi 0.1 M ya kweli

Mwenzangu unayeandaa vitendo vya kidato cha nne, anza na lebo. Chupa ya asidi ya haidrokloriki ina namba tatu unazohitaji: uzito wa moli (36.46), asilimia (tuseme 37%) na densiti (tuseme 1.19). Asilimia hiyo ni ya uzito kwa uzito, yaani gramu 100 za kilichomo chupani zina gramu 37 za HCl. Haisemi chochote kuhusu mililita, na hapo ndipo densiti inapoingia.

Lita moja ya asidi hiyo ina uzito wa gramu 1190. Asilimia 37 ya uzito huo ni gramu 440.3. Gawanya kwa 36.46, unapata moli 12.08 kwa lita. Kwa hiyo lita 1 ya 0.1 M inahitaji mililita 8.28, maana 0.1 × 1000 ÷ 12.08 = 8.28.

Ukisahau densiti utahesabu chupa kuwa 10.15 M, utachukua mililita 9.85, na mmumunyo utakuwa karibu 0.119 M. Ukisahau asilimia ni kinyume chake: utachukua takriban mililita 3 na kupata chini ya 0.04 M. Makosa yote mawili hayaonekani kwa macho. Yanaonekana darasani, pale wanafunzi wote wanapopata majibu yanayofanana lakini yaliyo mbali na uliyotarajia.

Hata hivyo, hesabu sahihi haikupi 0.1 M. Lebo nyingi hutoa masafa, kwa mfano 35–38%, na kila ukifungua chupa, gesi ya HCl inatoka. Huo moshi mweupe unaouona mdomoni mwa chupa ni nguvu ya asidi inayopotea, na joto la Dar linauongeza. Kwa hiyo namba ya lebo ichukulie kama makadirio. Ushauri wangu ni kutengeneza mmumunyo mkali kidogo, kuupima, kisha kuupunguza. Kuongeza maji ni rahisi. Kuongeza asidi kidogo kidogo ni kubahatisha.

Tufanye mfano. Weka takriban mililita 500 za maji yaliyotoneshwa kwenye chupa ya ujazo ya lita 1. Vaa miwani na glavu, na kaa kwenye kabati la kutolea moshi au penye hewa inayopita. Mimina mililita 8.8 za asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Tikisa, acha ipoe hadi joto la chumba, ndipo ujaze hadi kwenye alama. Ukijaza ikiwa ya moto, kimiminika kitasinyaa baadaye na ujazo utapungua.

Kwa kupimia tumia sodiamu kaboneti isiyo na maji. Ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 250 hadi 270 kwa saa moja, ipoe ndani ya desiketa. Mmumunyo wa 0.05 M unahitaji gramu 5.30 kwa lita, lakini kama lebo inasema usafi ni 99.5%, gawanya kwa 0.995: pima gramu 5.33. Soma fomula pia. Ikiwa imeandikwa Na₂CO₃·10H₂O, hiyo ni fuwele yenye maji, uzito wa moli wake ni 286, gramu 5.30 zake zingekupa chini ya 0.02 M.

Chukua mililita 25 za kaboneti kwa pipeti, weka matone mawili ya methili oranji, ongeza asidi kutoka kwenye bureti. Tuseme wastani wa vipimo vinavyokubaliana ni mililita 24.05. Kaboneti ina milimoli 1.25, na kila moja hula HCl mbili, hivyo 2.5 ÷ 24.05 = 0.104 M. Asidi ya chupani kumbe ni 11.8 M, si 12.08.

Kama umebakiwa na mililita 900, zinatakiwa kuwa 900 × 0.104 ÷ 0.1 = 936. Ongeza mililita 36 za maji, changanya vizuri, pima tena. Hizo 900 zinaweza kupimwa kwa silinda ya kawaida: ukikosea kwa mililita 5, maji ya kuongeza yanabadilika kwa 0.2 tu.

Ukiombwa HCl ya 10%, uliza kwanza ni asilimia ya nini. Gramu 10 katika mililita 100 zinahitaji mililita 22.7 za asidi ya 37%, kwa sababu kila mililita ina gramu 0.44. Anayechukua mililita 10 na kujaza hadi 100 anapata gramu 4.4 tu. Andika kwenye lebo yako "gramu 10 kwa mililita 100", si "10%" peke yake.

Sodiamu haidroksaidi yenye usafi wa 97% inahitaji gramu 4.12 kwa lita 1 ya 0.1 M. Lakini kwa unyevu wa pwani, punje zake zinaanza kung'aa na kulowa ukiwa bado mizanini, na zinanyonya pia kaboni dayoksaidi. Zipime upesi kwenye bika kavu, funga kopo mara moja, kisha pima nguvu ya mmumunyo huo kwa asidi uliyoisahihisha.