Tona imemwagika: kanzu, printa na meza, uanzie wapi

"Habari za jioni wakubwa. Kijana wangu dukani alikuwa anabadilisha katriji ikamponyoka. Tona imemwagika ndani ya printa, juu ya meza na kwenye kanzu yake nyeupe. Naogopa kugusa nisije nikaeneza zaidi. Nifanyeje? Niko Mombasa."

Dada yangu, zima feni kwanza. Pangaboi la dukani likiendelea kuzunguka, ifikapo saa ya kufunga unga utakuwa umefika kwenye rafu za madaftari na kwenye nguo za wateja. Funga na dirisha la upande unaoingia upepo, wateja wangoje nje. Halafu chomoa printa kwenye stima, uiache ipoe nusu saa. Sehemu ya nyuma ndani yake, ile inayochoma unga ushike kwenye karatasi (mafundi tunaiita fyuza), hupata moto wa nyuzi 180 na zaidi, na haipoi upesi.

Muda huo wa kungoja ndio wa kumshughulikia kijana, kwa sababu kila hatua anayopiga anaupeleka unga mahali pengine. Ukielewa tona ni kitu gani, mengine yote utayafanya bila kuambiwa. Si wino. Ni plastiki iliyosagwa, imechanganywa na masizi, na chembe zake nyingi zina upana wa mikroni 5 hadi 10, wakati unywele wa mtu una kama 70. Ikiwa baridi na kavu, plastiki hiyo imekaa tu juu ya nguo, inatoka. Ikipata joto inayeyuka na kushika nyuzi za kitambaa, vilevile inavyoshika karatasi. Ikipata spiriti, petroli au dawa ya kuondoa rangi ya kucha, inalainika na kupenya, na hapo umeipiga chapa kanzu.

Sasa kanzu ina tabu yake: huvuliwa kwa kupitishwa kichwani, na unga uko kifuani. Mtoe kijana nje, avae maski, ageuke hivi kwamba upepo unampiga ubavuni na kuupeleka unga mbali na uso wake. Asipanguse kwa mkono hata kidogo. Chukua selotepu pana, bandika juu ya doa, bonyeza taratibu, inua. Tumia kipande kipya kila mara mpaka kiwe kinatoka na rangi ya kijivu tu. Kisha kunja sehemu chafu kwa ndani, afumbe macho, avue polepole. Baada ya hapo ikung'uteni nje, mbali na kamba ya nguo za jirani.

Kuifua: maji baridi, kwenye karai peke yake. Na hapa kwetu maji baridi si jambo la kudhani. Maji ya tangi jeusi lililoko juu ya paa saa tisa alasiri yanatoka vuguvugu, wakati mwingine zaidi ya hapo. Tumia ya asubuhi au yaliyolala kwenye ndoo. Loweka na sabuni, itikisetikise majini, usifikiche. Ukiona maji yamekuwa meusi, mwaga, weka mengine. Jiki haina kazi hapa, kwani masizi hayapaushwi na klorini, utachosha kitambaa bure. Anika kivulini, iangalie ikishakauka. Kama bado kuna kivuli cha kijivu, rudia kufua. Pasi isiiguse mpaka uwe na hakika, maana doa la tona lililopigwa pasi sijawahi kuliona likitoka kwa njia za nyumbani.

Rudi ndani sasa, na ufanye mambo kwa mpangilio: rundo kubwa lililo mezani kwanza, kisha printa, kisha meza kwa mara ya mwisho. Ukimaliza meza kabla ya printa utaisafisha mara mbili.

Rundo la mezani lizoe likiwa kavu kwa kipande cha karatasi ngumu, polepole, ukilisukuma kuingia kwenye mfuko wa plastiki. Ufagio usiuguse. Wala usilete mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Chujio lake limetengenezwa kwa vumbi la zulia. Chembe za tona hupenya na kutoka nyuma zikifuka kama moshi, na unga mkavu wa plastiki kupita kwenye mota yenye cheche si mchezo. Zipo mashine za kufyonzea tona, zenye chujio maalumu na mpira usiojaza chaji ya umeme. Wanaozihudumia fotokopi kubwa za maofisini huwa nazo, ukipata ya kuazima utapunguza kazi nusu.

Kilichobaki mezani ni utando mwembamba, na huo utaupangusa mwisho, ukishamaliza printa. Chukua karatasi ya jikoni, ilowanishe kwa maji baridi yenye tone la sabuni ya vyombo, ikamue isidondoke. Sabuni ni lazima kwa sababu tona haipendi maji, itaelea tu. Weka karatasi, ivute upande mmoja mara moja, kunja uchafu kwa ndani, endelea na upande safi. Ukisugua kwa kuzungusha utapata meza yote ya kijivu.

Printa ndiyo inayotaka subira. Toa katriji, ilaze juu ya gazeti, funika ile silinda yake inayong'aa kwa kitambaa kizito, kwani mwanga huiharibu na kidole kikiigusa kitaacha alama kwenye kila ukurasa. Ndani ya printa tumia kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, ukikusanya unga kuja upande wako. Kwenye kona tumia brashi laini ya rangi, tena kwa kuchota na si kupiga. Rola nyeusi ya sifongo iliyo chini ya mahali pa katriji iache kabisa, usiiguse wala usiilowanishe. Na fundi akija na bloa, mzuie mlangoni. Akipuliza, unga unaingia kwenye feni ya printa, kwenye sensa za karatasi na kwenye kisanduku cha leza, na kutoka huko kunataka kufungua mashine nzima.

Rudisha kila kitu, washa, chapa kurasa tupu kadhaa. Weusi ukitokea nyuma ya karatasi, ni unga uliobaki kwenye ile rola, na kwa kawaida kurasa huumaliza zenyewe. Ukiona mstari mweupe unaoshuka ukurasa mzima mahali palepale, kioo cha leza kina vumbi, kipanguse kikavu. Alama nyeusi inayojirudia kwa umbali uleule inatoka kwenye silinda au fyuza, hiyo mwite fundi.

Ngozi ioshwe kwa maji baridi na sabuni. Macho yakiingiwa, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, na yakiendelea kuwasha nendeni hospitali.

Mfuko wa unga na karatasi zote ufunge vizuri uende na taka za kawaida. Usitupwe kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba, unga huu ukirushwa motoni unaweza kulipuka kwa cheche. Na usikubali mtu akushauri kuuchuja na kuurudisha kwenye katriji ili usipoteze pesa. Umeshaokota mchanga na nyuzi, na hizo ndizo zinazochana silinda. Katriji yenyewe igongegonge kidogo juu ya gazeti: ikiendelea kudondosha unga, imepasuka, nunua nyingine.